Fildi imeisha Ijumaa, fomu bado ipo kwenye droo

Ijumaa ya mwisho ya fildi, wanafunzi wengi hufanya mambo mawili. Wanapiga picha na wafanyakazi wa ofisi, kisha wanaomba karatasi zao. La kwanza linafanikiwa. La pili ndilo linalomrudisha mtoto mjini wiki ijayo kwa nauli ya mzazi.

Chukua mfano wa binti anayetoka Murangi, kijiji cha kando ya ziwa katika Musoma Vijijini, kwenye barabara ya Musoma, Makojo hadi Busekera. Anasoma stashahada ya maendeleo ya jamii. Chuo kimempa wiki nane za mafunzo kwa vitendo, naye amepokelewa katika ofisi moja ya umma mjini Musoma. Barua ya chuo inasema mafunzo yanaanza Jumatatu tarehe 7 Julai 2025 na kumalizika Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025. Mama yake anaanika dagaa na ndiye anayelipa chumba cha mjini. Ameshahesabu kwamba ikifika Jumamosi tarehe 30, kodi ya chumba imeisha.

Ijumaa hiyo saa nane mchana binti anamfuata msimamizi wake na kumwomba fomu ya tathmini. Msimamizi yuko safarini Dodoma, na fomu ipo kwenye droo yake, haijaandikwa kitu. Anaenda kwa afisa utumishi kuomba cheti. Anaambiwa aandike barua, ipite masijala, ifike kwa mkuu wa ofisi, kisha asubiri ijibiwe. Mkuu wa ofisi naye yuko kwenye kikao mpaka jioni.

Hakuna aliyemfanyia ubaya. Ameomba siku ya mwisho kitu ambacho ofisi hukitengeneza kwa wiki mbili.

Karatasi mbili, mikono miwili

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulijua ni kwamba karatasi hizi ni mbili, zina kazi tofauti, na hazitoki kwa mtu mmoja.

Fomu ya tathmini ni ya chuo. Mwanafunzi huja nayo kutoka chuoni na kumkabidhi msimamizi wake wa kazini. Msimamizi ndiye anayempa alama za mahudhurio, nidhamu, uwezo wa kazi, kushirikiana na wenzake na kujituma. Vyuo vingi hutaka fomu hiyo irudi ikiwa siri, ndani ya bahasha iliyofungwa na kupigwa mhuri kwenye mdomo wake. Alama zake huunganishwa na ripoti ya mwanafunzi na alama za mwalimu aliyemtembelea. Fomu isipofika, matokeo ya fildi hubaki hayajakamilika, na somo moja lisilokamilika linatosha kumzuia kijana asihitimu na wenzake.

Cheti au barua ya kumaliza mafunzo ni mali ya mwanafunzi mwenyewe. Hakitoki kwa msimamizi. Hutoka kwa uongozi wa ofisi, kwa kawaida kupitia kwa afisa utumishi, na husainiwa na mkuu wa ofisi au mtu aliyekaimishwa. Chuo kinaweza kisikiulize kabisa. Atakayekiuliza ni mwajiri, miaka miwili au mitatu baadaye, akitaka kujua kama kijana amewahi kukaa kwenye kazi halisi.

Mtoto asiyejua tofauti hii humwomba msimamizi vyote viwili. Msimamizi anajaza fomu, na kuhusu cheti anasema, "Nitaliangalia." Anasema hivyo kwa nia njema, ila cheti hakipo mikononi mwake.

Wazazi pia wasishtuke ofisi ikisema haina vyeti vya fildi. Ofisi nyingi za umma hazichapishi vyeti vya namna hiyo. Hutoa barua ya kuthibitisha, yenye nembo, kumbukumbu namba, saini na mhuri. Barua hiyo inatosha, na mara nyingi ina manufaa kuliko cheti chenye maua pembeni, kwa sababu barua ina nafasi ya kueleza kijana alifanya nini.

Wiki ya sita ndiyo ya kuomba

Turudi kwa binti wa Murangi, safari hii afanye mapema.

Wiki yake ya tano inaisha Ijumaa tarehe 8 Agosti, sikukuu ya Nane Nane. Siku za kabla ya hapo si siku za kuomba karatasi, kwa sababu maofisa wengi wa kilimo, mifugo, ushirika na maendeleo ya jamii wa Mara huwa kwenye maonesho ya Kanda ya Ziwa Mashariki, viwanja vya Nyakabindi mkoani Simiyu. Kwa hiyo siku yake ni Jumatatu tarehe 11 Agosti, mwanzo wa wiki ya sita. Bado ana wiki tatu mbele.

Siku hiyo anafanya mambo mawili. Asubuhi anamwendea msimamizi. Kwa adabu za kwetu hamwendei na fomu mkononi akiwa mlangoni. Anaamkia kwanza: "Shikamoo, mama." Kisha anasema kwa kifupi: "Mama, fildi yangu inaisha tarehe 29. Chuo kinataka fomu ya tathmini irudi ikiwa imefungwa. Naomba kujua kama utakuwepo wiki ya mwisho, na kama hutakuwepo, nani atanisainia."

Swali hilo la mwisho ndilo la thamani. Msimamizi anajua safari zake. Akisema kwamba kuanzia tarehe 25 hatakuwepo, binti ana wiki mbili za kupanga. Fomu inaweza kujazwa Ijumaa tarehe 22, au msimamizi amtaje msaidizi anayemfahamu binti na kazi zake. Asichofanya ni kumpa fomu mtu yeyote mwenye mhuri. Jina na cheo cha aliyesaini vikitofautiana na jina lililo kwenye fomu ya kuripoti, chuo kina haki ya kuuliza, na binti awe na jibu.

Jambo la pili ni barua ya kuomba uthibitisho. Haihitaji kuwa ndefu. Anwani ya mwanafunzi hukaa juu, anwani ya mkuu wa ofisi hufuata, pamoja na mstari unaoonyesha kwamba barua inapitia kwa mkuu wa idara aliyokuwepo. Kisha inaendelea hivi:

*Yah: Maombi ya barua ya kuthibitisha kumaliza mafunzo kwa vitendo*

*Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa stashahada ya maendeleo ya jamii, mwaka wa pili. Nilipokelewa katika ofisi yako kwa mafunzo kwa vitendo ya wiki nane, ambayo yanamalizika tarehe 29 Agosti 2025. Naomba kupatiwa barua ya kuthibitisha kumaliza mafunzo hayo, ikionyesha idara niliyokuwepo, tarehe za kuanza na kumaliza, na kazi nilizoshiriki. Nimeambatisha nakala ya barua ya kupokelewa na orodha ya kazi hizo. Natanguliza shukrani.*

Chini huweka majina matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, namba ya usajili ya chuo, namba ya simu na saini. Anatoa nakala mbili. Moja inabaki masijala. Nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na hiyo anarudi nayo. Wiki mbili baadaye mtu akimwambia barua haionekani, haanzi upya. Anatoa nakala yake, na mhudumu wa masijala anaitafuta kwa tarehe.

Orodha ya kazi tatu

Ile orodha iliyoambatishwa ndiyo inayotofautisha barua ya maana na barua ya mistari miwili.

Afisa utumishi anayeandika uthibitisho huenda hajawahi kumwona binti akifanya kazi. Akiachwa peke yake ataandika kwamba fulani "alikuwa nasi kwa mafunzo kwa vitendo na alionyesha nidhamu nzuri." Si uongo, lakini mwajiri akisoma hajui kijana anaweza nini.

Binti anachukua kitabu chake cha kumbukumbu za kila siku, kile ambacho wanafunzi hukiita logbuku, na kuchagua kazi tatu alizozifanya zaidi ya mara moja. Kwa mfano: kusajili vikundi vya wanawake na vijana vinavyoomba mikopo, kuandika mihtasari ya vikao vya vikundi, na kutembelea vikundi na kuandaa taarifa ya maendeleo yao. Kazi ziwe zile ambazo msimamizi amesaini kwenye logbuku. Asiongeze ambayo hakufanya, kwa sababu barua na logbuku zitasomwa pamoja.

Hesabu ya siku 38

Hapa ndipo karatasi nyingi hukwama, na kosa hutokea hata kwa watu waangalifu.

Wiki nane za siku tano za kazi ni siku 40. Lakini tarehe 7 Julai ni Saba Saba, ofisi imefungwa. Binti ameripoti Jumanne tarehe 8. Na Ijumaa tarehe 8 Agosti ni Nane Nane, ofisi imefungwa tena. Siku alizokuwa kazini ni 38.

Sasa angalia karatasi zake. Barua ya chuo inasema kuanzia tarehe 7 Julai. Logbuku inaanza tarehe 8. Msimamizi, akinakili kutoka kwenye barua ya chuo, anaandika kwenye fomu ya tathmini kwamba mwanafunzi alianza tarehe 7 na kuhudhuria siku 40. Afisa utumishi anaangalia faili na kuandika kwenye uthibitisho kwamba alianza tarehe 8. Karatasi nne, tarehe mbili. Anayezisoma chuoni anaona mwanafunzi aliyejaza siku ambazo hazipo, au ofisi isiyojua inachosaini.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kukabidhi fomu, mwanafunzi anajaza mwenyewe sehemu inayomhusu: majina, namba ya usajili, chuo, idara, tarehe ya kuripoti na tarehe ya kumaliza. Ndani ya logbuku, kwenye tarehe za sikukuu, anaandika "Sikukuu" badala ya kuacha wazi. Kisha anamwachia msimamizi karatasi ndogo yenye mstari mmoja: "Niliripoti 8 Julai, namaliza 29 Agosti, siku za kazi 38, sikukuu 2." Kama aliugua na kukosa siku mbili, aandike hivyo na aambatishe karatasi ya zahanati. Mahudhurio ya siku 36 yenye maelezo yana nguvu kuliko 40 ambazo hazipo.

Majina nayo yaangaliwe. Watoto wengi wana jina moja nyumbani na lingine shuleni, au jina la babu limeandikwa kwa herufi tofauti kwenye kitambulisho cha taifa. Kwenye karatasi za fildi yatumike majina yaliyo kwenye usajili wa chuo, yote matatu, kwa herufi zilezile. Herufi moja iliyokosewa hurekebishwa kirahisi mtoto akiwa bado ofisini. Baada ya mwaka mmoja, wakati waliomfahamu wamehamishwa, si rahisi tena.

Asichoruhusiwa kuona, anachoweza kuuliza

Fomu ikiwa ya siri, mwanafunzi hapaswi kuona alama zake, wala mzazi. Bahasha iliyofunguliwa njiani mara nyingi haipokelewi chuoni, hata kama hakuna kilichobadilishwa. Mzazi anayesema, "Hebu tuone wamekupa ngapi," anaweza kumharibia mtoto kazi ya wiki nane.

Hata hivyo kuna mambo matatu ambayo binti anaweza kuyauliza kabla bahasha haijafungwa, bila kuona alama yoyote. Je, kila kipengele kimejazwa, hakuna kilichoachwa wazi? Je, panapotakiwa jumla, imeandikwa? Je, saini, jina, cheo, tarehe na mhuri vyote vipo? Msimamizi mwenye shughuli nyingi hatakasirika. Mara nyingi anafungua, anatazama, na kugundua kwamba ukurasa wa pili haujasainiwa.

Kama kuna kosa lililofutwa kwa wino mweupe, ni vizuri msimamizi akate kwa mstari, aandike upya na kusaini pembeni. Alama iliyofutwa na kuandikwa juu yake hutia shaka, hata ikiwa imeshushwa badala ya kupandishwa.

Kuhusu mtoto anayehofia alama ndogo, wakati wa kulizungumza ni katikati ya fildi. Wiki ya nne amwombe msimamizi amwambie anapokosea. Akiambiwa anachelewa, ana wiki nne za kuwahi.

Wiki ya mwisho

Jumatatu tarehe 18 Agosti, wiki moja baada ya kupeleka barua, binti anapita masijala kuuliza imefika wapi. Anauliza mara moja kwa adabu, haulizi kila siku. Ikiwa imekwama kwa mkuu wa idara, anajua pa kwenda.

Msimamizi wake alishamwambia atasafiri, kwa hiyo fomu inajazwa na kufungwa Ijumaa tarehe 22, na anayemkaimu anajulishwa. Kuanzia Jumatatu tarehe 25 binti anakamilisha logbuku na kupata saini za siku zilizobaki kwa huyo anayekaimu. Alhamisi tarehe 28 anachukua barua ya uthibitisho na kuisoma hapohapo kaunta: jina, tarehe, idara, kazi, saini, mhuri. Kosa likionekana Alhamisi, Ijumaa bado ipo. Ijumaa inabaki kwa kuaga na picha.

Kabla ya kupanda gari la kurudi Murangi anatoa fotokopi mbili za barua na kupiga picha safi ya kila ukurasa wa logbuku. Picha moja anaitunza kwenye barua pepe yake, nyingine anamtumia mama yake kwa WhatsApp. Simu ikianguka ziwani au ikiibiwa, nakala ipo. Bahasha ya tathmini anaipeleka chuoni kwa mkono na kuomba asainiwe kwamba imepokelewa. Kama chuo kinataka ofisi iitume yenyewe, anachukua tarehe na namba ya kutumwa.

Mhuri usiuzwe

Kuna jambo ambalo watoto hawalisemi nyumbani mpaka waulizwe. Saini ya mwisho humpa mtu nguvu juu ya kijana, na wapo wanaoitumia vibaya. Mmoja anataka "ya soda" ili agonge mhuri. Mwingine anamwambia binti afike jioni mahali pasipo ofisi ili fomu yake ijazwe.

Yote mawili ni rushwa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamhesabu kuwa mkosaji mwenye mamlaka anayedai ngono au upendeleo mwingine kama sharti la kutoa haki au huduma. Simu ya bure ya TAKUKURU ni 113. Chuoni pia kuna mratibu wa fildi ambaye anaweza kumbadilishia mwanafunzi msimamizi, mradi ajue mapema. Mzazi amuulize binti yake wiki ya tatu au ya nne, kwa utulivu: "Mwanangu, huyo anayekusainia mnaelewana?" Na jibu likichelewa, asilipuuze.

Upande wa pili, mzazi asije na njia ya mkato. Kumlipa mtu wa stesheneri atengeneze mhuri ni kughushi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Chuo kikipiga simu ofisini kuuliza, mtoto hapotezi fildi tu, anapoteza chuo.

Barua hii haifanyi kila kitu

Ni vizuri kujua mipaka yake. Kwenye maombi ya kazi za serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, barua ya fildi haichukui nafasi ya cheti cha taaluma. Huongeza uzito kwenye wasifu wa kijana, hasa kwa waajiri binafsi na mashirika.

Pia isichanganywe na cheti cha utumishi. Kijana aliyekuwa ameajiriwa kwa mkataba, hata wa miezi mitatu, anayo haki nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi mkataba unapokoma. Mwanafunzi wa fildi kwa kawaida si mwajiriwa. Uthibitisho wake ni wa kuombwa, ndiyo maana barua na adabu vina kazi.

Kwa fani nyingine uzito ni mkubwa zaidi. Daktari aliyemaliza shahada hufanya mafunzo ya utarajali ya miezi 12 hospitalini, na bila uthibitisho kwamba ameyamaliza hapati usajili kamili wa kutibu. Kwake karatasi iliyobaki kwenye droo ni kazi iliyosimama.

Kama siku imeshapita

Na yule binti wa kwanza, aliyeachwa mlangoni Ijumaa saa nane? Bado hajapotea. Kabla ya kuondoka aandike barua yake palepale na kugongewa mhuri wa kupokelewa. Ampigie msimamizi simu, amwombe kwa heshima amtaje mtu wa kujaza fomu au siku atakayorudi. Siku hiyohiyo amjulishe mratibu wa fildi chuoni kwa ujumbe wa maandishi kwamba fomu itachelewa na kwa sababu gani, akiambatisha picha ya barua iliyopokelewa. Vyuo huwa vigumu kwa anayenyamaza kuliko kwa anayetoa taarifa.

Kisha amwombe mfanyakazi mmoja aliyezoeana naye ampigie simu barua ikitoka, asiende mjini kila Jumatatu kubahatisha. Nauli ya kutoka Murangi kwenda Musoma na kurudi italipwa mara moja tu, siku ambayo kuna karatasi ya kuchukua.